Mikataba ya nyumba: tukubaliane maswali kabla ya kufungua karatasi

Familia nyingi zilizokimbia vita zinapanga nyumba mjini, na kila moja ina karatasi yake ya mkataba. Kamati ikitaka kujua ni wenye nyumba wangapi wanaodai garanti kupita miezi 3, ambayo ndiyo kikomo cha nyumba ya kuishi katika sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, italazimika kusoma mikataba mia mbili au zaidi. Kwa maoni yangu, kazi hiyo huharibika siku ya kwanza, pale mtu anapochora daftari lenye safu moja iliyoandikwa «garanti».

Tuchukue karatasi moja ya mfano. Imeandikwa: kodi dola 40 kwa mwezi, garanti miezi 4, mpangaji ametoa dola 100, nyingine atamaliza baadaye. Msomaji wa kwanza ataandika 4, wa pili 160, wa tatu 100. Hakuna aliyedanganya, swali ndilo halikuwa wazi. Ukijumlisha safu hiyo unapata namba isiyo na maana.

Kwa hiyo garanti ipewe safu zake: miezi iliyoandikwa, kiasi kilichotolewa, na sarafu yake. Kando yake yanakiliwe maneno ya mkataba yenyewe, ili mwingine aweze kuhakikisha. Ile 160 haiandikwi wakati wa kusoma, itahesabiwa baadaye. Vilevile faranga zisigeuzwe dola papo hapo, kwa sababu kila msomaji atatumia bei yake ya siku.

Halafu kuna nafasi tupu, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Kiboksi kitupu kinaweza kumaanisha kwamba mkataba haukutaja garanti, au mvua ilifuta wino, au msomaji alichoka. Tuandike HAIMO kama karatasi haisemi, HAISOMEKI kama imeharibika, na 0 pale tu mkataba unaposema wazi kwamba hakuna garanti. Kiboksi kikibaki kitupu, basi hakijasomwa.

Safu kama «je, garanti ilirudishwa?» isiwekwe. Mkataba husainiwa wakati wa kuingia, kwa hiyo hauwezi kujibu. Hilo aulizwe mpangaji, na jibu liandikwe kwenye daftari lingine. Majina nayo yabaki kwa mtu mmoja anayeaminika, daftari la kazi litumie namba. Familia iliyohamishwa haina haja ya kutangazwa mahali inapolala.

Kabla ya kusoma zote, watu wawili wachukue mikataba ileile 20, kila mmoja peke yake, halafu walinganishe. Wakitofautiana mara nyingi kwenye safu moja, swali la safu hiyo liandikwe upya. Na kama katikati ya kazi mtu ataleta safu mpya, hata ikiwa nzuri, tutarudi kwenye karatasi zote zilizokwisha kusomwa, la sivyo safu hiyo isiingie.