Mwaka wa Kujifunza Programu na Ushahidi Wake katika Wasifu

Ndugu mwanachuo, wako wenzetu waliojifunza wenyewe kuandika programu za kompyuta kwa mwaka mzima bila kuajiriwa. Waandikapo wasifu, huorodhesha masomo waliyoyapitia. Kwa maoni yangu, orodha hiyo haithibitishi neno, kwa kuwa mazoezi ya vitabuni huja na majibu yake. Kinachothibitisha ni programu moja ndogo iliyomwondolea mtu mwingine shida yake halisi.

Tuchukue mfano wa mhitimu wa ualimu aliyeko Lalago, mkoani Simiyu, akingojea ajira, na shule ya msingi ya jirani ambayo hukokotoa matokeo ya mitihani yake ya ndani kwa mkono. Yafaa akae kwanza na mwalimu wa taaluma, atazame kazi inavyofanyika, na aandike saa zinazotumika. Ndipo aanze programu.

Hapo ndipo atakapokutana na mambo yasiyomo katika mazoezi. Tuseme wanafunzi wanne wamepata jumla ya 241, 230, 230 na 218. Programu ya mwanagenzi huwapanga 1, 2, 3, 4. Mwalimu ataikataa, maana waliolingana hushika nafasi ya 2 wote wawili, na anayewafuata huwa wa 4. Njia iliyo sahihi ni kuhesabu waliomzidi mwanafunzi, kisha kuongeza moja:

```
nafasi = 1 + sum(1 for j in jumla if j > yangu)
```

Vivyo hivyo, asiyefanya mtihani si sawa na aliyepata sifuri. Alama 40, 35 na 45 zina wastani wa 40. Mtoro akihesabiwa sifuri, wastani huo hushuka hadi 30.

Kisha mwalimu aitumie programu mwenyewe, mwandishi akiwa ameondoa mikono yake. Kila anapokwama paandikwe na kurekebishwa. Marekebisho yakihifadhiwa kwa Git, amri ya `git log` huonyesha tarehe za kila hatua, na msomaji wa wasifu huona kwamba kazi ilikua kwa miezi, haikunakiliwa kwa usiku mmoja. Majina na alama halisi za watoto zisitolewe hadharani. Katika nakala ya maonyesho yatumike ya kubuni.

Katika wasifu, kazi hii iwekwe chini ya kichwa "Kazi Binafsi", wala isiitwe ajira. Itajwe shida, mtumiaji, idadi ya mitihani iliyohudumiwa, na saa zilizopimwa kabla na baada. Mwalimu wa taaluma akiridhia, atajwe kuwa mdhamini.

Hata hivyo, ushahidi huu una mpaka: hauonyeshi kwamba mtu amezoea kufanya kazi pamoja na waandishi wengine wa programu. Lakini akiulizwa kwa nini wa tatu katika orodha ameitwa wa pili, atajibu bila kusita, na jibu hilo halipatikani kwa kunakili.