SIKIO LA MUZIKI: HUZALIWA AU HUFUNZWA?

Kila muhula wa kwanza kuna Fomu Wani wanaofukuzwa kwenye kwaya kwa sababu eti "hawana sikio". Mimi nasema, la hasha! Tunachanganya mambo mawili.

Kuna sikio kamili na sikio linganishi. Mwenye sikio kamili ukimgongea kinanda atakutajia noti papo hapo bila kusikia nyingine kwanza. Mwenye sikio linganishi sharti apewe "do" ndipo aipate "so".

Je, sikio kamili hutoka wapi? Mwaka wa 2006 Diana Deutsch na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanafunzi wa muziki wa Beijing na wa chuo cha Eastman, Marekani. Kati ya walioanza muziki wakiwa na miaka 4 au 5, takriban asilimia 60 wa Beijing walifaulu, na 14 tu wa Eastman. Walioanza wakiwa na miaka 8 au 9, asilimia 42 wa Beijing walifaulu. Wa Eastman, hata mmoja! Maoni ya Deutsch ni kwamba Kichina, ambacho neno hubadilika maana sauti ikipanda au kushuka, hunoa sikio la mtoto mapema. Wapo wanaotaja urithi wa damu pia, lakini umri wa kuanza hauna ubishi.

Isitoshe, mwaka wa 2014 Ayako Sakakibara wa Japani alieleza jinsi alivyofunza watoto 24 wa miaka 2 hadi 6. Kila siku walipigiwa noti kadhaa kwa pamoja, na kila kundi la noti lilikuwa na bendera ya rangi yake ya kuinua. Wawili waliacha, 22 waliobaki wote walifaulu. Sisi wa sekondari, bwana, basi hilo limeshatupita.

Lakini kwaya haihitaji hilo! "So" ni mara moja na nusu ya "do". "Do" ikiwa mitetemo 200 kwa sekunde, "so" ni 300. Ikiwa 300, "so" ni 450. Uwiano haubadiliki, nao hufunzika katika umri wowote. Hebu jaribuni hivi: mwenzako apige "do", wewe uimbe "so", kisha aipige nayo mhakikishe. Badilisheni "do" mwendelee. Mkizoea, ongezeni "mi", halafu "fa" na "la".

Sikio linganishi lina kasoro yake, kwani kwaya isiyo na ala huweza kushuka polepole pasipo yeyote kugundua. Dawa ni kupiga "do" ya mwanzo wimbo unapoisha na kulinganisha.

Kwa hivyo, viongozi wa kwaya, msimpime mgeni kwa kumwuliza jina la noti. Mpeni "do" na majuma machache ya mazoezi, ndipo mumhukumu.