MP4 kwenye diski si DVD, wacheni kuuzia watu hewa

Wasee wa kushuti harusi, leo nasema nanyi. Mteja akilipia DVD ya kupelekea shosho ushago, halafu wewe ukokote MP4 na kuichoma kwenye diski, hujampa DVD. Umempa flashi ya mviringo. Itacheza kwa laptopu yako, lakini deki ya zamani ya shosho itaandika tu kwamba diski haisomeki. Na shosho hatakupigia simu kulalamika. Atadhani ni deki yake imeharibika.

Deki inatafuta folda ya VIDEO_TS, na ndani yake video ya MPEG-2. Kwetu Kenya tunatumia PAL: 720x576, fremu 25 kwa sekunde. Hiyo ndiyo lugha anayoielewa.

Tuchukue harusi ya dakika 110. Diski ya kawaida inabeba baiti bilioni 4.7 (kompyuta itakuonyesha 4.38 GB, usishtuke). Zidisha kwa 8 upate biti, kisha ugawanye kwa sekunde 6600. Inakuja kama kilobiti 5700 kwa sekunde. Toa 192 za sauti, kisha uache nafasi kidogo, kwa sababu diski za bei rahisi hupenda kugoma karibu na ukingo wa nje. Video ibaki 5200:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 5200k -b:a 192k harusi.mpg
```

Harusi ikiwa fupi, usipandishe hiyo namba ovyo. Mwisho wa DVD ni 9800 kwa video, na ukikaribia hapo deki nyingi huanza kukwamakwama. Mimi sipiti 8000. Ikiwa ni ya saa tatu na nusu, usiifinye hadi nyuso ziwe vibokisi. Gawa diski mbili.

Hiyo 16:9 nayo msiichezee. DVD ya skrini pana na ile ya 4:3 zote zinahifadhi 720x576. Tofauti ni alama tu inayoiambia TV ivute picha kiasi gani. Alama ikikosewa, bibi harusi anatoka mrefu na mwembamba kama mlingoti. Ukiona pete imekuwa yai, ujue shida ni hapo.

Faili likishakuwa tayari, lipitishe kwa DVDStyler ikutengenezee VIDEO_TS na menyu. Ikitaka kulibadilisha upya, iambie ikopi tu, la sivyo picha itapungua ubora mara ya pili.

Halafu kabla hujachukua balansi, cheza diski kwa deki halisi iliyounganishwa na TV, si kwa laptopu. Ruka hadi dakika kumi za mwisho, maana huko ndiko diski mbaya hujulikana. Kama huna deki, azima kwa jirani. Kama hutaki hiyo kazi, mwambie mteja ukweli kwamba unauza flashi, na umtoze bei ya flashi.