Kuzunguka kwa Mota Si Ushahidi

Gurudumu la hoverboard lina nyaya tatu nene zinazokwenda kwenye koili, na nyaya tano nyembamba za sensa za Hall: mbili za umeme, tatu za ishara. Kontrola husoma ishara hizo tatu kama namba moja, hutazama jedwali, kisha hupitisha umeme kwenye nyaya nene mbili na kuuacha wa tatu wazi. Namba ikibadilika, jozi inabadilika. Hatua zikifika sita, duru moja ya umeme imetimia. Hapo katikati kuna madai ambayo mafundi huambiana, na baadhi yake yanaunguza mota.

La kwanza: unganisha rangi kwa rangi, kazi imekwisha. Hapana. Rangi ni uamuzi wa kiwanda, na kiwanda cha mota si lazima kiwe kile cha kontrola. Nyaya nene tatu na ishara tatu zinaweza kupangwa kwa namna 36. Kwa kawaida zinazofaa ni 6 tu, tatu za kwenda mbele na tatu za kurudi nyuma.

La pili ndilo linalodhuru kuliko yote: mota ikizunguka, jedwali liko sawa. Jedwali likiteleza hatua moja, mota bado inaweza kuzunguka. Uga wa koili unatakiwa uitangulie sumaku kwa wastani wa nyuzi 90 za umeme, ukicheza kati ya 120 na 60. Ukiteleza hatua moja, wastani unakuwa 30 au 150, na kwa mkondo uleule nguvu ya kuzungusha inashuka hadi nusu. Ukitaka nguvu ileile, lazima mkondo uwe maradufu, na joto la koili linapanda mara nne. Dalili zake zinaonekana hata gurudumu likiwa hewani: linakula ampea nyingi bila mzigo, linanguruma, kasi ya mbele hailingani na ya nyuma, na sehemu nyingine linagoma kuanza mpaka ulisukume kwa mkono.

Dawa ni kuipima mota yenyewe. Chukua pawa saplai yenye kikomo cha mkondo, uiweke kwenye ampea moja au mbili. Ziite nyaya nene A, B na C. Peleka chanya kwenye A, unganisha B na C pamoja kwenye hasi. Gurudumu litashtuka na kutulia, soma sensa. Tuseme zimetoa 101, yaani 5. Nyuzi 90 mbele ya hapo ni B chanya na C hasi, basi hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye nafasi ya 5. Waya uliosimama peke yake kwenye kipimo ndio utakaoachwa wazi. Ukivipitia vipimo vyote sita kwa mfano huu, unapata:

```c
const char *jedwali[8] = {
  "----", "B+A-", "C+B-", "C+A-",
  "A+C-", "B+C-", "A+B-", "----"
};
```

Wengi hupima kwa nyaya mbili tu, A chanya na B hasi. Hapo sumaku hutulia mpakani hasa, mahali sensa inapobadilika, na usomaji unarukaruka. Kwa nyaya tatu inatulia katikati ya eneo, na kila upande umebakiwa na nyuzi 30 za umeme. Kwenye gurudumu lenye sumaku 30 hizo ni nyuzi 2 tu za mzunguko halisi, lakini zinatosha.

Kagua pia kwa macho: namba mbili zinazojumlika kuwa 7 lazima ziwe na nyaya zilezile, alama zimegeuzwa. Namba 5 ni B+C-, namba 2 ni C+B-. Kwa hiyo kurudi nyuma hakuhitaji jedwali la pili, soma `jedwali[7 - h]`, h ikiwa namba ya sensa.

Wapo wanaoweka muda wa kusubiri kati ya hatua ili kupanga kasi. Sensa ndizo zinazoamua hatua ibadilike lini. Kasi hupangwa kwa volti, yaani kwa PWM.

La mwisho: 0 au 7 maana yake sensa imekufa. Si lazima. Sensa zikipangwa kwa nyuzi 120, hizo kweli ni namba za makosa. Zikipangwa kwa 60, 0 na 7 ni halali, na zisizotakiwa ni 2 na 5. Tena, sensa nyingi za aina hii huweza kuvuta ishara chini tu. Bila rizista ya kuipandisha, kama 4.7 kΩ kwenda volti 5, utasoma takataka kutoka kwa sensa nzima. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono huku ukiandika namba. Kila badiliko ligeuze tarakimu moja tu, na kwa sumaku 30 uhesabu mabadiliko 90 kwa mzunguko mmoja. Tarakimu isiyogeuka kabisa ndiyo inayokuonyesha waya wa kufuatilia.