"Shall" Haina Nguvu Mnayoipa

Katika semina moja ya wazabuni jijini Dar es Salaam, mtoa mada aliwaambia watu waliolipia viti vyao kwamba kinga ya mfanyabiashara ni moja tu: kwenye barua pepe andika "will", usithubutu kuandika "shall", kwa kuwa "shall" inakufunga na "will" ni nia tu. Ukumbi mzima ukainama kuandika. Mimi niliondoka na hasira.

Imani hiyo ni ya uongo, na wanaoilipia ni wafanyabiashara wadogo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inataka kujua kama watu wamekubaliana kwa hiari, kama wana uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, kama kuna malipo na kama jambo lenyewe ni halali. Haina kifungu kinachopima uzito wa kitenzi cha Kiingereza. Muuzaji akikuandikia kwa "will" kwamba kampuni yake italeta mabati 400 Kibaha tarehe 14 Juni kwa bei mliyopatana, nawe ukajibu kwamba umekubali, amejifunga. Kinachomfunga ni kwamba amesema nani ataleta, ataleta nini, wapi, lini na kwa bei gani.

Mtoa mada alijitetea kwa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inayosema kwamba "shall" ikitumika kumpa mtu jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Ni kweli, kifungu cha 53 kinasema hivyo, lakini kinazungumzia sheria zilizoandikwa. Barua pepe ya muuza mabati imekuwa lini sheria ya nchi? Na hata huko kwenye sheria zenyewe, Mahakama ya Rufani imewahi kueleza kwamba "shall" katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si amri isiyopindika, bali isomwe pamoja na kifungu cha 388. Kama majaji wanalipima neno hilo kwa mazingira yake, muuza semina amepata wapi uhakika wake?

Wakati watu wanaikimbia "shall", neno linalowaumiza linapita mlangoni bila kuulizwa. Neno hilo ni "should". Mkandarasi mmoja ninayemfahamu, aliyekuwa akiezeka madarasa, aliandikiwa na muuzaji: "The sheets should be on site by 14 June." Akalipa nusu ya bei na kuwaita mafundi. Mabati yalifika siku 11 baadaye, na mafundi walitaka posho ya siku zote walizokaa bure. Alipodai fidia, muuzaji alimjibu kwamba hakuahidi kitu, alieleza tu matarajio yake. Isome tena sentensi ile: mabati yanatarajiwa kuwepo, lakini hakuna mtu aliyetajwa kuyaleta. Katika viwango vya ISO tofauti hii imewekwa wazi kabisa: "shall" ni sharti, "should" ni pendekezo. Anayekubali "should" kwenye maelezo ya kiufundi ya zabuni amempa mwenzake ruhusa ya kutofanya.

Mkandarasi huyo alikuwa ametulia kwa sababu nukuu ya bei aliyopewa ilikuwa na "shall" yake: "This quotation shall be valid for 30 days." Aliliona neno, akaamini amelindwa. Wanaoandika mikataba kwa umakini wana kipimo chepesi: mahali pa "shall" weka "ana wajibu wa" uone kama sentensi inasimama. "Muuzaji ana wajibu wa kuleta mabati" inasimama. "Nukuu hii ina wajibu wa kuwa halali" haisimami, kwa sababu karatasi haibebi wajibu, mtu ndiye anayeubeba. Mikataba yetu imejaa "shall" za namna hiyo, zilizonakiliwa kutoka mkataba mmoja hadi mwingine na watu wasiozisoma.

Tena linanikera jambo jingine. Muuzaji na mnunuzi wote walikua wakizungumza Kiswahili, walipatana bei kwa Kiswahili kwenye simu, kisha wakaenda kuandikiana Kiingereza wasichokimudu ili barua ionekane nzito. Nani aliwaambia kwamba "tutaleta" haiwezi kusimama mbele ya hakimu?

Barua ile ya "should" ilihitaji jibu la mistari miwili kabla ya kulipa hata shilingi: "Thibitisha kwamba kampuni yako italeta mabati yote 400 Kibaha ifikapo tarehe 14 Juni, na kwamba mkichelewa mtabeba posho ya mafundi kwa kila siku ya kuchelewa. Nitalipa nusu ya bei nikipata uthibitisho huo kwa maandishi." Muuzaji angekubali au angekataa, na fedha zingekuwa bado mfukoni mwa mnunuzi.