Ukiandika "ongoing" nyuma ya jina lako, umejichomea mwenyewe

Wasee, leo naingia kwa maneno ambayo itaudhi marafiki zangu wengi, na ni sawa. Siku hizi kila barua pepe ninayopokea kutoka kwa kijana wa rika langu hapa Isiolo inaishia na mkia mrefu wa herufi. Jina ni mbili, herufi ni kumi na nne. Na nikisoma vizuri, nusu ya hizo herufi si za huyo mtu. Bado.

Mimi niliacha chuo. Nyuma ya jina langu hakuna kitu, na saini yangu ya barua pepe ni jina, kazi na namba ya simu. Kwa hivyo usiniambie nina wivu wa digirii. Ninachopinga ni tabia ya kuchukua herufi kama mapambo ya matatu. Kila herufi nyuma ya jina ni dai. Unamwambia anayekusoma: nenda ukaulize, kuna ofisi mahali itakwambia hii ni yangu. Kama hakuna ofisi itakayosema hivyo leo, ifute. Msimamo wangu ni huo tu.

Wacha tuchukue wauguzi, kwa sababu Isiolo tuna kampasi ya KMTC na karibu kila familia ina binti au kijana aliyepitia pale au anayetaka kuingia. Hii hapa ni saini ya kubuni, lakini ukishawahi kusoma barua za kuomba kazi utaitambua:

```
Nurse JINA LAKO, KRCHN, BScN (ongoing), BLS, ACLS, Dip. Comp
```

Tuivunje kipande kwa kipande.

KRCHN kwanza. Kirefu chake ni Kenya Registered Community Health Nurse. Hiyo R ndiyo yenye uzito. Inamaanisha aliyesajiliwa, na anayesajili ni Baraza la Wauguzi la Kenya, si chuo. Ukimaliza diploma una diploma, hongera sana. Lakini bado una mtihani wa Baraza mbele yako, na ni Baraza litakaloweka jina lako kwenye daftari lake. Kati ya siku ya mahafali na siku ya kusajiliwa, wewe ni mtu mwenye diploma ya uuguzi. Andika hivyo kwenye sehemu ya elimu, na useme unasubiri usajili. Kama unadhani herufi moja si kitu, kumbuka kuna KECHN pia, ambapo E ni ya Enrolled, ngazi ya cheti. Kutoka E hadi R ni miaka ya kusoma tena. Kuna watu wamefanya kazi wodini usiku na kusoma mchana ili wabadilishe herufi hiyo moja. Ukiibandika kabla ya wakati, ni hao unaowadharau.

Sasa tuje kwa BScN (ongoing), ugonjwa wenyewe. Digirii haina nusu. Chuo kikuu kinaitoa siku moja, yote, na kabla ya siku hiyo hakijakupa hata B. Najua utaniambia, "Si nimeandika ongoing? Sijadanganya mtu." Sawa, lakini fuata safari ya hiyo karatasi. Barua yako inafika, mtu anayepanga orodha ya waombaji anahamisha majina kwenye jedwali, na mabano ni kitu cha kwanza kuanguka. Sasa uko kwenye orodha kama mwenye BScN. Siku ya usaili unaulizwa cheti, huna, na kila mtu mezani anakuangalia kama tapeli. Hukudanganya, lakini uliweka maneno mahali ambapo watu husoma haraka, ukategemea mabano yakuokoe. Na huu si wakati wa kuchezea jambo hilo. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wake ulikuta vyeti feki zaidi ya 2,000 kwa watumishi wa umma. Tangu hapo mtu anayesoma CV yako hasomi kwa roho safi. Anasoma akitafuta mahali panapovuja.

Masomo yanayoendelea yana nafasi yake, na ni nafasi nzuri. Weka kwenye elimu: jina la digirii, chuo, mwaka ulioanza, mwaka unaotarajia kumaliza. Pale "inatarajiwa 2027" ni sifa, inaonyesha una mwendo. Nyuma ya jina ni mtego.

BLS na ACLS ni mafunzo ya kuokoa maisha, na ni muhimu kweli. Lakini kadi za Shirika la Moyo la Marekani, ambazo wauguzi wengi wanazo, huisha baada ya miaka 2. Kwa hivyo zinaenda kwenye sehemu ya mafunzo, pamoja na tarehe, kwa sababu mwajiri anataka kujua kama kadi yako bado iko hai. Ukizibandika nyuma ya jina umeficha kitu kimoja alichotaka kujua. Dip. Comp? Buda, hizo ni pakiti za kompyuta. Weka kwenye ujuzi.

Na neno "Nurse" mbele ya jina, tayari KRCHN imesema. Ni kama wale wanaoandika "Dr. Fulani, PhD". Chagua moja. Ukiweka mbele, usirudie nyuma.

Saini ikisafishwa, kwa muuguzi aliyesajiliwa na ambaye BScN yake imeshatolewa, inabaki hivi:

```
Jina Lako, BScN, KRCHN
Muuguzi, Wodi ya Watoto
```

Koma baada ya jina, koma kati ya kila kundi, hakuna nukta ndani ya herufi. Ukipenda kuandika B.Sc.N. kwa nukta, ni sawa, lakini basi weka nukta kila mahali kwenye CV nzima. Kinachokera ni kuchanganya.

Kuhusu mpangilio, desturi tuliyorithi kwa Waingereza inaanza na nishani za serikali, halafu digirii, halafu usajili wa kitaaluma, mwisho uanachama wa vyama. Ndiyo maana BScN iko kabla ya KRCHN. Wengine hutanguliza KRCHN, na hakuna atakayekufunga kwa hilo. Lakini kama mzee wako nyumbani alipewa HSC au OGW na Rais, herufi hizo zinatangulia digirii yake, hata kama yeye mwenyewe hajali. Digirii zikiwa nyingi za fani moja, weka ya juu kabisa peke yake. Mwenye MSc wa uuguzi hahitaji kutuonyesha ngazi zote alizopanda, tunajua hakuingia kwa dirisha.

Ukielewa kisa cha muuguzi, umeelewa na cha wengine. Tazama wahasibu. Mitihani ni ya KASNEB. Usajili ni wa ICPAK, chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008. Ni nyumba mbili tofauti. Mtu anamaliza karatasi ya mwisho, matokeo yanatoka, na kabla chai haijapoa ameshabadilisha saini kuwa CPA(K), au mbaya zaidi, ameweka "CPA" mbele ya jina kama wakubwa. Tulia. Kwenye elimu andika kwamba umemaliza mitihani yote ya CPA, mwezi na mwaka. Hilo peke yake ni zito, kila mhasibu anajua lilivyo gumu. Ukishasajiliwa, andika herufi na ulale vizuri. Na "CPA Intermediate" nyuma ya jina haipo. Hiyo ni ngazi ya mtihani. Wahandisi nao ni vilevile: "Eng." mbele ya jina ni ya aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi kama mhandisi kamili, si ya kila aliyevaa kofia ya plastiki kwenye barabara ya Moyale.

Hapa kuna kitu wengi hawajafikiria. Herufi ziko za aina mbili. Digirii ikishatolewa haifi, hata usipofanya kazi nayo maisha yako yote. Lakini usajili na uanachama vinakula ada. Ukiacha kulipa, ukiacha kuhuisha, ofisi ikiulizwa inaweza kujibu kwamba hauko sawa kwenye daftari, na saini yako bado inasema uko. Kwa hivyo kila unapohuisha, au unaposahau kuhuisha, rudi kwenye saini yako. Iliwekwa mara moja na sasa inajituma yenyewe kwa kila mtu unayemwandikia.

Mambo mengine mawili ya mkono, halafu niwaache. Ukijaza fomu ya kazi mtandaoni, kwenye nafasi ya jina andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, basi. Herufi hapo zinafanya jina lako lisilingane na stakabadhi zako, na mtu ataanza kuuliza "KRCHN" ni jina la babu gani. Kwenye CV herufi zinakaa mara moja, juu, kwenye jina kubwa. Na barua ya maombi unaitia sahihi kwa jina tupu.

Najua jibu linalokuja. "Wewe huelewi, hapa Kenya bila cheo hakuna anayekusikiliza. Msichana wa Bula Pesa wa kwanza kwao kufika chuo, mwache ajivunie." Naelewa kabisa, nimekaa kwenye foleni za ofisi za hapa, najua anayeitwa "daktari" anavyopishwa. Na najua kuna wakubwa waliopewa digirii za heshima jukwaani na kesho yake wakawa "Dr." kwenye mabango, ilhali desturi ya vyuo ni kwamba digirii ya heshima haikupi jina hilo. Lakini wao wakikamatwa wana mawakili na wapambe. Huyo msichana wa Bula Pesa ana karatasi yake na jina lake tu. Siku atakapoweka KRCHN, iwe ni siku ambayo mtu yeyote anaweza kupiga simu kwa Baraza na kuambiwa ndiyo, yuko.

Sasa fungua saini yako. Weka kidole kwenye kila kundi la herufi, taja ofisi inayolishikilia. Ukikwama, futa.