Wacheni kumwagia kila konokono chumvi

Wasee, tuongee ukweli. Juzi binamu yangu alituma picha kwa grupu ya familia kutoka Kibwezi: jani la sukuma lenye mashimo, na juu yake konokono mdogo mweupe. Ndani ya dakika tano kila mtu alikuwa amehukumu. "Mwagia chumvi!"

Mimi nikasema ngoja. Hebu tuangalie gamba kwanza.

Yule konokono hatari tunayemjua, yule mkubwa wa Afrika Mashariki, ana gamba refu lenye ncha. Hata akiwa mdogo, michirizi yake ya kahawia hukatiza mizunguko, kama mvua inayoteremka ukutani. Huyo anakula sukuma, mchicha, hata miche ya papai. Lakini gamba la kwenye picha halikuwa na mchirizi hata mmoja. Lilikuwa jeupe, laini, linang'aa, halifiki urefu wa kidole gumba. Na mzunguko wake wa mwisho ulikuwa umesukumwa upande, kana kwamba mtu alilikalia.

Gamba lililopinda hivyo ni alama ya ukoo wa konokono wanaokula konokono wenzao. Mmoja wao anaitwa Gonaxis kibweziensis, jina la Kibwezi yenyewe! Miaka ya 1950 alitolewa Kenya akapelekwa Hawaii na visiwa vingine vya Pasifiki ili awale hao wakubwa. Wengine walimsafirisha mbali hivyo, sisi tunataka kumuua kwa chumvi ya jikoni.

Tena chumvi yenyewe haichagui. Mvua ikinyesha inaingia kwa udongo, na sukuma yako ndiyo inaanza kukauka pembeni.

Mtu mwingine kwa grupu akadai ni spishi adimu kwa sababu gamba limezunguka kushoto. Aki wewe! Konokono wengi, ukishika ncha juu na mdomo ukuangalie, mdomo uko kulia. Binamu alikuwa amejipiga selfi naye, na kamera ya mbele inaweza kugeuza picha kama kioo. Uliza kamera gani kabla ya kushangilia.

Hata hivyo, gamba peke yake halifungi kesi. Kuwa juu ya jani si kulila. Nilimwambia binamu atoke saa tatu usiku na tochi. Chini ya gunia la mbolea alipata konokono wasio na gamba kabisa, na ute wao ukielekea moja kwa moja kwa sukuma. Aliwaokota kwa glavu, akaondoa gunia. Glavu ni muhimu, kwa sababu wengine hubeba minyoo inayoweza kumdhuru mtu.

Kwa hivyo ukituma picha, piga gamba kutoka juu, piga upande wa mdomo, kisha piga jani. Bila hizo tatu, usiniitie chumvi.